Kuomba kupunguziwa kodi ya nyumba iliyotangazwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekaa pande zote mbili za jambo hili. Nimepanga nyumba kwa miaka mingi, kisha nikasimamia nyumba za familia, nikawa mimi ndiye ninayeombwa kupunguza. Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo watu hunirudia nayo karibu kwa maneno yaleyale.

Mfano mmoja utatembea nasi hadi mwisho: nyumba ya vyumba viwili iliyotangazwa kwa kodi ya 600 kwa mwezi, mkataba wa mwaka mmoja. Hiyo 600 ichukulie kuwa ni fedha yoyote unayotumia wewe. Kinachohitajika ni uwiano tu.

## Kabla ya kuomba

Kodi iliyoandikwa kwenye tangazo hujadiliwa kweli?

Mara nyingi ndiyo, hata pale ambapo tangazo halikuandika "maelewano yapo". Bei ya tangazo ni matumaini ya mwenye nyumba siku aliyoliandika. Wengine huongeza kidogo juu wakijua wataombwa, wengine huangalia jirani anatoza kiasi gani wakaandika hivyohivyo bila kupima nyumba zao.

Lakini si kila siku. Tangazo la siku tatu ambalo tayari limeleta watu sita kuangalia nyumba halina nafasi ya kuombwa, na ukijaribu utapitwa tu. Nafasi ipo pale unapoona dalili kwamba nyumba inamlemea mwenyewe: tangazo limerudiwa mara ya pili au ya tatu, bei imeshashushwa mara moja, mpangaji wa zamani ameshahama na vyumba vina vumbi, au mwenye nyumba anapokea simu kabla haijaita mara mbili.

Hatakasirika nikiomba?

Kuombwa hakumkasirishi mtu anayepangisha. Nilipokuwa upande wa pili, waliobaki kichwani mwangu kwa ubaya walikuwa wa aina tatu: aliyeomba punguzo kwenye simu kabla hajaiona nyumba, aliyetaja nusu ya bei, na aliyepita chumba kwa chumba akiikejeli nyumba mbele yangu. Aliyesema kwa utulivu "nyumba nimeipenda, ila bei nina neno nayo" nilimsikiliza kila mara, hata siku nilizomkatalia.

Niombe wakati gani hasa?

Baada ya kuiona nyumba na kabla ya kutoa fedha yoyote. Dirisha hilo ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Kabla ya kuiona, huna unachokijua wala yeye hajui kama una nia. Ukishatoa fedha ya kushikilia nyumba, yeye anajua huondoki tena, na wewe huna cha kumpa kwa kubadilishana.

Mimi humaliza kuangalia, nashukuru, naondoka, kisha naleta ombi langu kwa maandishi jioni ileile au kesho yake. Ukiomba pale mlangoni, mtu hulazimika kujibu papo hapo, na jibu la papo hapo huwa ni hapana.

## Sababu

Sababu zipi zina uzito kwake?

Zinazomhusu yeye na nyumba yake. Nazo kwa kweli ni chache: nyumba zinazofanana zinapangishwa kwa chini ya hapo, nyumba yake imekaa wazi na inaendelea kumla, ina upungufu usioondoka, au wewe unampa kitu ambacho mpangaji mwingine hatampa. Chukua mbili zilizo na nguvu kwa nyumba hiyo, uache nyingine. Ombi lenye sababu saba linasomeka kama la mtu anayetafuta kisingizio.

Nikimwambia mshahara wangu hautoshi, si ataona huruma?

Anaweza kuona huruma, lakini kwanza ataona hatari. Umemwambia kwamba bei yake imezidi uwezo wako, na yeye anasikia kwamba mwezi wa tatu utachelewa. Hata akikupunguzia, mbele ya mwombaji mwingine mwenye bei ileile ya chini atamchagua yule.

Geuza upande wa sentensi. Badala ya "siwezi 600", sema kwamba kwa nyumba ya aina hii unaona 550 ndiyo bei ya haki, na kwamba kiasi hicho utakilipa tarehe ileile kila mwezi.

Nitajuaje nyumba nyingine zinapangishwa kwa kiasi gani?

Tafuta nyumba tatu au nne zinazokaribiana kweli na hiyo: idadi ileile ya vyumba, eneo lilelile, hali inayofanana ya maji, umeme na choo. Nyumba ya vyumba viwili iliyo mbali sana na usafiri, au isiyo na choo cha ndani, haikusaidii, na mwenye nyumba ataibomoa hoja yako kwa sekunde moja.

Kumbuka kuwa bei za matangazo ni bei zinazoombwa, si zinazolipwa. Ukiweza, uliza wapangaji wa jengo hilohilo au wa jirani wanalipa kiasi gani na waliingia lini. Aliyeingia miaka minne iliyopita bei yake ni ya zamani. Aliyeingia mwezi uliopita ndiye shahidi wako.

Katika mfano wetu tumepata nyumba tatu: 560, 580 na 550. Wastani wake ni 563. Ya nne ilikuwa 620, lakini ina maegesho ya gari, kwa hiyo tuliiweka kando. Usiifiche ukiulizwa. Eleza tu kwa nini si sawa na hiyo unayoitaka.

Kwa nini siku ambazo nyumba imekaa wazi zina nguvu hivyo?

Kwa sababu ni fedha ambayo haitarudi, na wenye nyumba wengi hawaipigii hesabu mpaka mtu awaonyeshe. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, basi tuende polepole.

Kodi ya 600 kwa mwezi ni kama 20 kwa siku. Ukiomba 550, unaomba punguzo la 50 kwa mwezi, yaani 600 kwa mwaka mzima. Hiyo 600 ni sawa na siku 30 za nyumba kukaa tupu. Kwa hiyo swali lililo mbele ya mwenye nyumba ni hili: je, atampata mtu wa 600 kabla ya siku 30 kupita? Akimpata ndani ya wiki mbili, kukukatalia kulikuwa na faida. Akimpata baada ya wiki sita, amepoteza fedha kwa kulinda bei yake.

Kwa kukadiria haraka, kila asilimia moja unayoomba kwenye mkataba wa mwaka ni sawa na siku tatu na nusu hadi nne za nyumba tupu. Asilimia tano ni kama siku 18. Asilimia kumi ni siku 36 au 37, na hapo ndipo wengi hukataa, kwa kuwa wanaamini watapata mtu mapema zaidi.

Hesabu hii ina mpaka wake, na mwenye nyumba mwerevu ataugusa: "Wewe ukikaa miaka mitatu, hiyo 50 itanila miaka mitatu." Ni kweli. Jibu lake ni kwamba bei inaweza kuangaliwa upya mkataba unapoisha, na kwamba mpangaji anayekaa humwokolea gharama za kila anapobadilisha mtu: rangi, dalali, na siku nyingine za nyumba kukaa tupu.

Nitajuaje imekaa wazi tangu lini?

Uliza bila kuzunguka: "Mpangaji wa mwisho aliondoka lini?" Watu wengi hujibu ukweli kwa sababu hawaoni ubaya wa swali. Asipojibu, angalia tarehe ya tangazo la kwanza, muulize jirani au mlinzi, au utazame ndani: maji yaliyokauka kwenye choo, barua zilizorundikana mlangoni, mita ya umeme isiyosogea.

Usimwambie "najua umekwama". Mwambie kwamba unaweza kuingia tarehe fulani. Hesabu ataifanya mwenyewe, na ile anayoifanya kimyakimya humshawishi kuliko unayomfanyia kwa sauti.

Nyumba ina kasoro. Nizitumie kuombea punguzo?

Kasoro ni za aina mbili. Kinachoweza kutengenezwa, kama bomba linalovuja, kitasa kibovu au hita ya maji iliyokufa, omba kitengenezwe kabla hujaingia. Ukikubali punguzo kwa ajili ya hita mbovu, umejinunulia hita mbovu kwa mwaka mzima, na ukilalamika mwezi wa pili utaambiwa ndiyo maana ulipunguziwa.

Kisichotengenezeka ndicho cha kuwekewa bei: chumba cha kulala kinachotazama barabara yenye kelele usiku, ghorofa ya nne isiyo na lifti, jikoni lisilopata mwanga. Taja kimoja, kwa sentensi moja, bila dharau. Nyumba ya mfano wetu ina vyote viwili: hita imekufa, na chumba kikubwa kiko upande wa barabara. Kila kimoja kitapita njia yake.

## Ofa yenyewe

Nitaje kiasi gani?

Anza na wastani wa nyumba ulizolinganisha, uondoe kidogo kwa upungufu usioondoka, kisha ubaki na nafasi ndogo ya kupandishwa. Kwetu wastani ni 563. Kelele za barabarani zinatushusha hadi kama 555. Tunafungua na 550, na tumekubaliana na nafsi zetu kwamba mwisho ni 570. Huo mwisho uuandike mahali kabla hujatuma chochote, maana katikati ya mazungumzo namba hupanda zenyewe.

Punguzo la asilimia tano hadi kumi chini ya tangazo ni ombi ambalo mtu anaweza kulijadili. Ukitaka zaidi ya hapo, uwe na ushahidi kwamba bei ya tangazo imekosewa kabisa. Kuanza na 400 ili "mkutane katikati" kunaharibu, kwa sababu mwenye nyumba anaacha kukuhesabu kama mteja na haendelei kujibu.

Naweza kusema "kati ya 550 na 580"?

Umeshasema 580. Hakuna mwenye nyumba atakayesikia ile namba ya chini. Taja moja.

Nimpe nini kwa kubadilishana?

Kitu kinachokugharimu kidogo lakini kwake ni kikubwa. Kuingia mapema ndicho cha kwanza: ukiweza kuingia tarehe 5 badala ya mwisho wa mwezi, umemrudishia siku 25, ambazo kwa 20 kwa siku ni 500. Kwake hiyo inakaribia punguzo lote unaloomba. Cha pili ni mkataba mrefu zaidi, kama miezi 18, iwapo una hakika hutahama. Barua ya mwenye nyumba wa zamani inayosema ulilipa kwa wakati nayo ina kazi yake.

Kulipa miezi mingi mbele ndiko kunakosifiwa zaidi, na mimi ndiko ninakokuogopa. Ukishatoa miezi sita, 3,600 iko mkononi mwake. Paa likivuja huna cha kumshinikiza nacho, na ikija kujulikana kwamba hakuwa mwenye nyumba halisi, umeondokewa na yote. Ukiamua hivyo, thibitisha kwanza umiliki, pata risiti kwa jina lako, na uangalie sheria ya unakoishi, kwani baadhi ya nchi zimeweka kikomo cha kodi au amana inayoweza kudaiwa mapema.

Niandike vipi?

Kwa ufupi, na kwa salamu ambayo kwa kawaida ungempa mtu wa umri wake. Huu ndio ujumbe wa mfano wetu, kwa mama mwenye nyumba aliyemzidi mpangaji umri:

"Shikamoo mama. Asante kwa kunionyesha nyumba jana, nimeipenda na ningetaka kuichukua. Nimeangalia nyumba tatu za vyumba viwili hapohapo jirani, zinapangishwa kwa 550, 560 na 580. Chumba kikubwa cha kwako kiko upande wa barabara, kwa hiyo naomba tukubaliane 550 kwa mwezi. Naweza kuingia tarehe 5 na kusaini mkataba wa mwaka, na kodi utaipata kila tarehe 1. Hita ya maji ningeomba itengenezwe kabla sijaingia. Nitashukuru nikipata jibu lako kufikia Ijumaa."

Una nia, una ushahidi, una namba moja, una unachotoa, una siku. Hauna vitisho wala hadithi ya maisha. Siku ya kujibu ni muhimu kuliko inavyoonekana: bila hiyo ombi lako linakaa kwenye simu yake akimsubiri mwingine.

Amejibu na namba yake. Sasa?

Mama alijibu 580, hita ataitengeneza. Usiruke kukubali, wala usirudie sababu zilezile. Songa hatua fupi kuliko aliyopiga yeye, na uifungamanishe na kitu kipya. Mpangaji wetu alisema 560, akaongeza kwamba yuko tayari kuleta amana kesho yake baada ya kusoma mkataba. Mama akataja 565. Wakaishia hapo.

Punguzo la 35 kwa mwezi ni 420 kwa mwaka. Upande wa mama, hiyo ni sawa na siku 21 za nyumba tupu, na nyumba ilikuwa imeshakaa 40. Hakuna aliyemwonea mwenzake.

Baada ya hatua mbili au tatu, simama. Nimeona mtu akipoteza nyumba nzuri kwa kung'ang'ania tofauti ya asilimia moja.

## Mambo yanapokwenda kombo

Napitia kwa dalali. Niombe kwake au kwa mwenyewe?

Kwa dalali, lakini kwa maandishi, na umwombe aupeleke ujumbe kama ulivyo. Elewa kinachomsukuma. Pale analipwa kulingana na kodi, 35 yako kwa mwezi inampunguzia kidogo sana, ilhali nyumba ikipangishwa leo anapata ujira wake leo. Kwa hiyo mara nyingi atakusaidia. Asichopaswa kukijua ni mwisho wako, maana ukimwambia 570, mwenye nyumba atajua 570.

Anasema kuna mtu mwingine atakayelipa bei kamili.

Huenda yupo, huenda hayupo, na huna namna ya kujua. Jiulize tu: kama nyumba hii haipungui hata senti, ningeichukua? Kama jibu ni ndiyo na 600 imo ndani ya uwezo wako, ichukue. Kama ni hapana, mjibu kwamba ofa yako inabaki hadi siku uliyotaja, kisha nyamaza. Zaidi ya mara moja mimi mwenyewe nilimpigia mtu wa namna hiyo wiki moja baadaye.

Badala ya kupunguza, ananipa mwezi mmoja bure. Ni sawa?

Kwa mwaka wa kwanza ni sawa kabisa na 550: mwezi mmoja wa 600 ukigawanywa kwa miezi 12 ni 50. Tofauti inakuja mkataba unapoisha, kwa sababu kodi kwenye karatasi bado ni 600 na nyongeza yoyote itaanzia hapo. Ndiyo maana wenye majengo makubwa hupenda njia hii. Bei ya nyumba zao haionekani kushuka kwa wapangaji wengine.

Ukijua utakaa mwaka mmoja tu, chukua mwezi wa bure, hasa ukiwa wa kwanza. Ukitarajia kukaa, pigania kodi ya mwezi. Soma pia kama kuna kifungu kinachokudai mwezi huo ukihama mapema.

Amekataa kabisa kushusha.

Uliza vitu vingine ambavyo si kodi: amana ndogo, rangi mpya, ada ya maegesho iondolewe, au bei isipande kwa miaka miwili. Hili la mwisho watu hulisahau, nalo linaweza kukuokolea zaidi ya punguzo lenyewe.

Alikubali 565 kwa mdomo, mkataba umeandikwa 600.

Usisaini ukitegemea "tutaelewana". Onyesha ujumbe mlioandikiana na uombe karatasi irekebishwe. Mara nyingi ni mkataba wa zamani ulionakiliwa bila kusomwa. Akisema 600 ibaki kwenye karatasi lakini utalipa 565, fahamu kwamba siku mtakayogombana karatasi ndiyo itakayosomwa. Na ahadi ya hita nayo iingie humo, pamoja na tarehe.

Nimeshasaini, ndipo nikagundua jirani analipa 540.

Kwa mkataba huo umechelewa. Weka ushahidi wako, ulipe kwa wakati, na ulete ombi miezi miwili hivi kabla mkataba haujaisha, kabla yeye hajakuletea bei mpya. Hapo una nguvu zaidi ya mgeni yeyote, kwa sababu zile siku za nyumba tupu (tazama swali la siku za kukaa wazi) zitaanza kuhesabiwa siku utakayohama.

Niliomba 480, akakubali dakika ileile. Nifurahi?

Subiri kwanza. Punguzo la asilimia ishirini bila neno lolote huwa lina maelezo. Huenda bei ilikuwa ya juu mno, au maji hukatika wiki nzima, au nyumba iko kwenye mgogoro au inauzwa. Na wapo wasio na nyumba kabisa, wanaotangaza picha za nyumba ya mtu na kukubali bei yoyote ilimradi utume fedha leo. Ukiharakishwa kutuma kabla ya kuingia ndani na kukutana na mwenye funguo, usitume. Rudi pale mchana, ongea na majirani wawili, uliza nani hupokea kodi ya jengo hilo, na umwombe yeye akuonyeshe hati ya umiliki au idhini ya kusimamia nyumba.